Siku moja ya kazi: simu 24 mpya zilizokataa kujisajili

Saa 2:00 asubuhi

Dawati la msaada lina ujumbe wa aina moja tangu jana jioni. Kuna simu 24 mpya za aifoni kwa wafanyakazi wa nje ya ofisi. Kila aliyewasha yake ameipita hatua ya lugha na ya mtandao, akafika kwenye skrini ya kawaida kama mtu aliyejinunulia simu dukani. Kisha ameshusha programu ya `Company Portal` kama alivyoelekezwa, ameingia kwa akaunti ya kazi, na hapo amezuiwa: kifaa cha binafsi hakiruhusiwi kusajiliwa.

Sehemu ya muhimu katika maelezo hayo ni ile ambayo hakuna aliyeilalamikia. Simu ya kampuni iliyoandaliwa vizuri, ikishaunganishwa na mtandao, huonyesha skrini ya `Remote Management` kabla mtumiaji hajagusa kitu kingine. Hakuna hata mmoja aliyeiona. Hivyo tatizo lilianza mapema, kabla ya `Company Portal`.

Saa 2:40

Kwenye Intune, mfumo wa Microsoft tunaotumia kusimamia simu za kazi, ripoti ya usajili ulioshindikana iko chini ya `Devices`, kisha `Monitor`, kisha `Enrollment failures`. Inasema kile kile: usajili umezuiwa na kizuizi cha aina ya kifaa. Kizuizi chenyewe kimewekwa makusudi. Kinaruhusu iOS, lakini kwenye safu ya vifaa binafsi kimewekwa `Block`, kwa kuwa simu zenye taarifa za wateja zinatakiwa ziwe za kampuni tu.

Swali ni kwa nini Intune inaziona simu za kampuni kama za binafsi. Intune haijui risiti ilitoka kwa jina la nani. Kwa aifoni, inaihesabu simu kuwa ya kampuni kwa njia chache: imekuja kupitia usajili wa moja kwa moja wa Apple, au namba yake ya siriali au IMEI imeshapakiwa kwenye orodha ya vitambulisho vya kampuni. Nje ya hapo, simu inayoingia kwa mlango wa `Company Portal` ni ya binafsi hata kama boksi lake liko stoo ya kampuni. Kizuizi kimefanya kazi yake sawasawa.

Saa 3:15

Ndipo linapokuja ombi ambalo huja kila mara: "Kaka, si ufungue simu binafsi kwa saa moja tu, waingie wote, halafu ufunge?"

Hapana. Zitaingia kweli, lakini zitaingia zikiwa na usimamizi hafifu. Hazitakuwa chini ya uangalizi kamili, kile ambacho Apple hukiita `Supervised`, na mtumiaji ataweza kuiondoa profaili ya usimamizi mwenyewe kwenye mipangilio. Baadaye ukitaka kuzipandisha hadhi, itabidi uzifute zote, na wakati huo zitakuwa na picha, mazungumzo na kazi za miezi. Hata ukipakia namba 24 za siriali kwenye orodha ya vitambulisho, simu itaandikwa kuwa ya kampuni lakini bado haitakuwa `Supervised`. Afadhali asubuhi moja ipotee leo.

Saa 3:40

Safari ya simu hizi ina vituo vitatu. Muuzaji anaingiza namba za siriali kwenye akaunti ya kampuni ya Apple Business Manager, tovuti ya Apple ya kusimamia vifaa vya kampuni. Humo namba zinapangiwa seva ya usimamizi, kwetu ni Intune. Kisha Intune inazivuta namba hizo, inazipa profaili ya usajili, na kuiarifu Apple. Simu ikiwashwa mara ya kwanza inaiuliza Apple kama ina mwenyewe, na Apple inajibu kwa profaili hiyo. Kinachoiruhusu Intune kuzungumza na Apple kati ya kituo cha pili na cha tatu ni tokeni, faili dogo lenye mwisho wa `.p7m`, linalodumu mwaka mmoja.

Nafungua `Devices`, `Enrollment`, upande wa Apple, kisha `Enrollment program tokens`. Tokeni imeisha muda siku 9 zilizopita. Simu zimenunuliwa wiki hii. Ndiyo maana za zamani zote zinafanya kazi bila shida na mpya hazijulikani kabisa.

Tofauti hiyo inafaa kukaa kichwani, kwa sababu kuna kitu cha pili kinachoisha kila mwaka na watu hukichanganya na hiki: cheti cha `Apple MDM Push`, cha siku 365. Cheti kikifa, hata simu zilizokwisha kusajiliwa huacha kupokea amri, na kila kitu kinanyamaza. Tokeni ikifa, simu za zamani hazihisi chochote. Ni wageni tu wanaobaki nje. Cheti nimekiangalia pia, kwa kuwa mara nyingi viwili hivi hutengenezwa siku moja. Kina wiki 5 bado. Kitakapofika, kitahuishwa kwa akaunti ile ile ya Apple iliyokitengeneza. Ukitengeneza kipya badala ya kuhuisha, simu zote zilizopo zitahitaji kusajiliwa upya.

Saa 4:10

Kuhuisha tokeni ni kazi ya dakika kumi, ila ina mitego. Kwanza, katika Apple Business Manager naangalia kama kuna masharti mapya yanayosubiri kukubaliwa na msimamizi. Yakiwa hayajakubaliwa, uvutaji wa namba utakwama hata kwa tokeni nzuri. Pili, nafungua seva ile ile iliyopo na kubonyeza `Download Token`. Sitengenezi seva mpya, maana simu zote zimepangiwa hii. Na kitufe hicho hakibonyezwi kwa udadisi: kushusha tokeni mpya huifuta iliyotangulia, kwa hiyo ukiishusha lazima uipakie upande wa pili papo hapo.

Narudi Intune, naichagua tokeni iliyokufa, `Renew token`, napakia faili, naandika akaunti ya Apple iliyotumika. Tarehe ya mwisho inasogea mwaka mbele.

Tokeni inaweza pia kufa kabla ya mwaka, ikiwa aliyeishusha amebadilisha nywila ya akaunti yake au ameondoka kazini. Ndiyo maana inashushwa kwa akaunti ya ofisi, si ya mtu.

Saa 4:40

Nabonyeza `Sync`. Intune hairuhusi uvutaji wa mkono kila dakika. Kati ya mmoja na mwingine unasubiri dakika 15, hivyo kubonyeza kwa hasira hakusaidii. Baada ya muda orodha inaonyesha simu 22. Mbili hazipo.

Namtumia mtu wa stoo ujumbe anipigie picha ya vibandiko vya maboksi. Kwa simu isiyo na boksi, namba inapatikana bila kuimaliza hatua yoyote: kwenye skrini ya kukaribisha kuna alama ndogo ya `i`, ukiigusa inaonyesha siriali na IMEI. Nazitafuta zile mbili Apple Business Manager, hazimo. Zilinunuliwa duka jingine baada ya zile 22 kutotosha, na duka hilo halikuziingiza. Zitaongezwa kwa mkono kesho kwa programu ya Apple Configurator iliyo kwenye aifoni nyingine. Njia hiyo ina kasoro moja: kwa siku 30 za mwanzo mtumiaji anaweza kuiondoa simu kwenye usimamizi.

Kwa zile 22 kuna jambo moja la kuhakikisha kabla ya kumwambia mtu yeyote aguse simu. Kila moja iwe na profaili iliyopangwa. Simu inayoonekana kwenye orodha lakini haina profaili itawaka tena kama ya binafsi, na utarudi mwanzo. Naweka profaili ya msingi kwenye tokeni ili zinazokuja zijipangie zenyewe.

Saa 6:00 mchana

Sasa simu zifutwe, kwa kuwa skrini ya `Remote Management` huja wakati wa kuiandaa simu upya. Maelekezo ninayotuma ni mafupi: `Settings`, `General`, `Transfer or Reset iPhone`, `Erase All Content and Settings`. Juu yake naweka sharti moja kwa herufi nene: aliyeingia na akaunti yake binafsi ya Apple atoke kwanza. Akiifuta simu bila kutoka na kufuli la `Find My` limewashwa, simu itadai nywila yake ikiwaka, na nywila ikisahaulika hapo mchana wote umekwisha.

Saa 8:30

Simu 16 zimepita. Skrini ya `Remote Management` imetokea, mtu ameingia kwa akaunti ya kazi, programu zinashuka. Sita zinaiona skrini hiyo, kisha usajili unashindwa baada ya kuingia. Hili si tatizo lile lile. Simu zinajulikana, watu ndio hawajulikani.

`Troubleshooting + support`, naandika jina la mmoja wao, na sehemu ya leseni inaonyesha hana Intune. Nahakikisha kwa amri:

```powershell
Get-MgUserLicenseDetail -UserId mtumiaji@kampuni.example |
  Select-Object -ExpandProperty ServicePlans |
  Where-Object ServicePlanName -eq "INTUNE_A"
```

Ikirudi tupu, leseni haipo. Ikirudi na `Disabled`, leseni ipo lakini kipengele cha Intune kimezimwa ndani yake, na hilo huwapotosha wengi kwa sababu ukurasa wa mtumiaji unaonyesha leseni nzuri tu.

Kwa hawa imerudi tupu. Leseni zetu hutolewa kwa kundi, na watano kati ya sita wamo katika kundi jipya la idara yao, ambalo limewekwa ndani ya kundi la leseni. Kwa macho, wamo. Lakini utoaji wa leseni kwa kundi hauingii kwenye makundi yaliyo ndani ya kundi. Unawahesabu wanachama wa moja kwa moja tu. Nalipatia kundi la idara leseni moja kwa moja, baada ya kuhakikisha zilizobaki zinatosha.

Wa sita ni mwanachama wa moja kwa moja, ila eneo la matumizi kwenye akaunti yake limeandikwa kimakosa nchi ambako huduma hiyo hairuhusiwi. `UsageLocation` ikiwa ya nchi kama hiyo, leseni ya kundi haiwezi kutolewa. Kwenye ukurasa wa leseni za kundi jina lake limekaa upande wa makosa, likisubiri mtu aliangalie. Naweka herufi mbili za nchi yake halisi na kuamuru kundi lichakatwe upya.

Saa 10:00 jioni

Leseni haifiki papo hapo. Nairudia ile amri hadi `ProvisioningStatus` iandike `Success`, ndipo namwambia mtu ajaribu tena. Ukimwita mapema atashindwa mara ya pili, na hutajua kama tatizo ni lile lile au jipya.

Saa 10:50

Simu 22 zimesajiliwa, zote `Supervised`, na umiliki umeandikwa `Corporate`. Kizuizi cha simu binafsi hakijaguswa. Kwenye kalenda ya timu zimeingia tarehe mbili, ya tokeni na ya cheti, kila moja siku 30 kabla ya kuisha. Maboksi mawili yako mezani yakisubiri Configurator asubuhi.