Omu mara faradi inatoa sekunde, jamani
Leo nimekaa na madogo wa mwaka wa kwanza tunapiga swali la saketi ya rezista 47 kΩ na kapasita 100 nF, wanatafuta taimu konstanti, mmoja akaandika R/C mwingine RC na kila mtu kashikilia yake. Nikawaambia wekeni kalkuleta chini kwanza, angalieni yuniti. Omu ni volti kwa ampea, faradi ni kulombu kwa volti, ukizidisha volti zinakatana inabaki kulombu kwa ampea, na ampea ni kulombu kwa sekunde, so inabaki sekunde tupu. Ukigawanya hupati muda hata ufanyeje, R/C imekufa hapo hapo.

Sasa namba: kilo mara nano ni maikro, 47 mara 100 ni 4700, yaani maikrosekunde 4700, ndo milisekunde 4.7. Ila hapa mwangalie sana, ukisoma kilo kama mega utapata sekunde 4.7, yuniti bado ni sekunde na cheki ya yuniti inapita kabisa wakati jibu limezidi mara 1000, kwa hiyo prifiksi zikague peke yake, andika 10³ na 10⁻⁹ kabla hujazidisha.