Siku moja maishani mwangu: friji inasoma nyuzi 4, lakini usiku chanjo ziliganda?

Saa mbili asubuhi. Kazi yangu hapa Nairobi ni kupitia rekodi za friji za chanjo zinazotumwa kwa simu kutoka vituo vya afya vya mashambani. Kwenye picha ya leo, karatasi ya joto imeandikwa nyuzi 4, ndani ya kiwango cha 2 hadi 8. Ila kirekodi cha siku 30 kina tahadhari ya baridi: usiku joto lilishuka hadi -1.8 na kubaki chini ya -0.5 kwa dakika 110. Dakika 60 tu zinatosha kuamsha tahadhari hiyo, ilhali ile ya joto kali husubiri saa 10 juu ya nyuzi 8. Anayesoma namba ya asubuhi peke yake hangejua chochote.

Saa mbili na nusu. Nampigia muuguzi. "Sista, kuna aliyegusa kidhibiti joto?"

"Ndiyo, jana jioni. Stima ilipotea, friji ikafika 9, tukaongeza baridi ishuke haraka."

Kidhibiti hakiharakishi kupoa. Hubadilisha tu mahali friji inapoacha kupoza. Namwomba akirudishe kilipokuwa.

Saa tatu. Tunahesabu. Penta, chanjo ya magonjwa matano, ni vichupa 12 vya dozi 10, toleo moja. Kitabu nacho kinasema dozi 120. Vyote vinaingia kwenye boksi lenye maandishi USITUMIE, vikibaki ndani ya friji. PCV, ya nimonia, na Td, ya pepopunda na dondakoo, vivyo hivyo. Alama ya VVM iliyo kwenye kichupa haisaidii hapa, kwani huonyesha joto tu, si kuganda. Polio ya matone, BCG na surua-rubella haziharibiwi na kuganda, lakini chupa za maji ya kuchanganyia zikaguliwe nyufa.

Saa nne. Tunaandaa kipimo cha kutikisa, kinacholinganisha kichupa kinachoshukiwa na kilichogandishwa makusudi. Kichupa kimoja cha Penta kinaandikwa KIMEGANDISHWA na kuwekwa kwenye friza hadi kesho; kinahitaji angalau saa 10 kigande kabisa. Kitabuni: dozi 10 zimetumika kwa kipimo, salio 110, zote zimezuiliwa. PCV na Td kila moja ina kichupa chake cha kulinganisha. Polio ya sindano haipimwi kwa kutikiswa kwa sababu haina chembe za kutuama, kwa hiyo ikishaganda hutupwa.

Saa kumi jioni. Usomaji wa pili: nyuzi 5. Penta tuliyoazima kutoka kituo jirani imeandikwa mstari wake, na namba yake ya toleo.

Kesho kichupa kilichogandishwa kitayeyushwa, kisha kitatikiswa pamoja na kile kinachoshukiwa kwa sekunde 10 hadi 15, na vyote viwili vitawekwa mezani kwa hadi dakika 30. Kinachoshukiwa kikituama polepole kuliko mwenzake, boksi linafunguliwa. Kikituama sawa naye au haraka zaidi, dozi zote 110 zinatolewa kitabuni kama zilizoharibika, sababu: kuganda.