Mia Sita kwa Mia Sita

Juzi kijana wa ofisini alinitumia andiko la mradi na ujumbe mfupi: "Kaka, jumla zimelingana, naomba tulitume." Nikamjibu asitume kwanza. Hilo neno "jumla zimelingana" linanirudisha kwenye usiku ule na mama mhasibu.

Andiko la usiku ule lilikuwa la mafunzo ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mradi wa miezi 12. Maelezo yalikuwa yameandikwa na watu wa programu, bajeti ilitoka kwa mama, na mpango kazi ulikuwa umeshapita mikononi mwa watu kadhaa. Jumla kuu ya bajeti ilikuwa ileile iliyotajwa kwenye muhtasari, kila mstari ulikuwa umezidishwa sawasawa, na mfadhili alitaka kazi yake asubuhi. Mama ndiye aliyekataa kusaini. Alisema mashine imehakiki hesabu, lakini hakuna mtu aliyehakiki maneno.

Akanipa kurasa za maelezo, yeye akashika bajeti na kuweka rula chini ya mstari wa kwanza wa mafunzo. Kazi yangu ilikuwa kusoma kwa sauti kila sentensi yenye namba. Yeye angejibu kwa kusoma namba za mstari unaohusika, si kiasi cha fedha: watu wangapi, siku ngapi, mara ngapi.

"Washiriki 120," nikasoma.

"Kwangu ni 100."

"Kwa siku 5."

"Kwangu 6."

Akanyamaza, akabonyeza kikokotoo. Mia moja mara sita, 600. Mia na ishirini mara tano, 600. Akabonyeza tena, kana kwamba kikokotoo kingebadili mawazo. "Ndiyo maana sikuiona," akasema. Mstari wa posho ulihesabiwa kwa siku za watu, yaani watu mara siku, na siku za watu zilikuwa zilezile katika hesabu zote mbili. Mtu yeyote anayelinganisha kiasi cha mwisho angepita pale bila kushtuka.

Hitilafu ilikuwa imejificha kwenye mistari ya jirani. Nauli haifuati siku, inafuata vichwa: bajeti ilikuwa na watu 100, kwa hiyo watu 20 wangefika kwenye mafunzo bila nauli ya kurudia. Vitabu vya mafunzo vilipungua hivyohivyo. Ukumbi nao unafuata siku, si vichwa. Makundi yalikuwa manne, hivyo bajeti ilikodi siku 24 wakati maelezo yalihitaji 20. Wawezeshaji wawili kwa kila kundi walilipwa siku 48 badala ya 40. Upande mmoja fedha zilipungua, upande mwingine zikazidi, na mpitiaji wa mfadhili angeyaona yote mawili kwa kusoma ukurasa mmoja tu.

Mengine tuliyapata haraka baada ya hapo. Afisa wa uwanjani alilipwa mshahara wa miezi 12, ilhali mpango kazi ulionyesha anaajiriwa mwezi wa 4, yaani miezi 9. Mafunzo rejea ya mwezi wa 10 yalikuwa kwenye mpango kazi bila mstari wowote kwenye bajeti. Hayo yalijieleza yenyewe.

Lile la kwanza halikujieleza. Ilikuwa rahisi kubadili bajeti ifuate maelezo, na mimi nilikuwa tayari kufanya hivyo. Mama akaniuliza nimejuaje kwamba maelezo ndiyo sahihi. Tukafungua mpango kazi: makundi manne, kila kundi siku 6. Hati mbili zikisema sita na moja tano, huwezi kuchagua kwa kuangalia ipi imeandikwa vizuri. Tukampigia simu mratibu wa mafunzo, tukamwamsha. Akatueleza kwamba awali walipanga watu 100 kwa siku 6, siku ya sita ikiwa ya mazoezi vituoni. Baadaye waliongeza washiriki, wakapunguza siku ili posho isipande, wakabadilisha maelezo na jedwali la viashiria peke yake.

Watu 120 kwa siku 6 wangefanya siku za posho kuwa 720, na bajeti ingevuka kikomo cha mfadhili. Mratibu akachagua 120 kwa siku 5. Tukarekebisha nauli, vitabu, ukumbi, wawezeshaji na mpango kazi, mama akasaini.

Hati zote tatu zikasema kitu kimoja, na kazi niliyopewa ilikuwa hiyo. Lakini siku iliyofutwa ilikuwa ya mazoezi, na nadhani ilifutwa kwa sababu idadi ya watu ilikuwa imeshaingia kwenye viashiria huku siku ya sita ikiwa haijaandikwa humo popote. Kama ningetakiwa kumshauri mratibu usiku ule, ningemwambia abaki na watu 100. Sikuulizwa, na sijui kama ilikuwa nafasi yangu kusema.