Fomu ya mahubiri: alama nimezifuta

Fomu yangu ya kwanza ya kutathmini mahubiri ilikuwa na vipengele 10, kila kimoja alama 1 hadi 5. Timu yetu ya wahubiri hapa Kisauni iliijaza kwa wiki sita, na karibu kila mtu alipata 4. Nani atampa mzee wa kanisa 2, na mwandiko wake unajulikana? Halafu hiyo 4 yenyewe haimwambii mtu arekebishe nini.

Toleo la sasa ni nusu karatasi. Kabla ya ibada, mhubiri ananiandikia sentensi moja: jambo analotaka watu waondoke nalo. Naikunja naiweka mfukoni. Wasikilizaji watano, watatu kati yao si wa timu, wanajibu baada ya baraka: amesema nini, kwa sentensi moja? Wapi ulimpoteza? Wanajaza wakiwa bado vitini, maana wakishasalimiana mlangoni wote huandika maneno ya aliyeanza kuongea. Mmoja wetu anaandika dakika za kila sehemu ya mahubiri.

Jumapili iliyopita somo lilikuwa Luka 15, mwana mpotevu. Sentensi iliyokuwa mfukoni mwangu: "Unaweza kukaa nyumbani kwa Baba na bado ukakataa kuingia." Huyo ni kaka mkubwa. Fomu nne kati ya tano zikasema Mungu husamehe anayerudi. Kweli tupu, ila sicho alichokusudia.

Jumanne jioni tulikaa, chai na mahamri mezani. Mhubiri huanza yeye, wengine wananyamaza, kisha nasoma fomu bila majina. Alishtuka. "Lakini kaka mkubwa nilimtaja wazi!"

"Ulimtaja, mwanangu," akasema mama mmoja wa wale watano. "Lakini baba alipomkumbatia yule kijana mimi nilishalia, nikajifuta, nikafunga Biblia."

Karatasi ya dakika ilimuunga mkono mama. Mahubiri ya dakika 36, kaka mkubwa akaingia dakika ya 29. Mhubiri alifuata mpangilio wa sura, na kaka huyo anaanza kutokea mstari wa 25, baada ya karamu kuanza. Kwa hiyo machozi yaliangukia kwenye kilele kisichokuwa chake. Mahubiri hayo atayarudia kwenye tawi letu la Likoni, akianzia nje ya nyumba, kaka akisikia ngoma na kumuuliza mtumishi kuna nini. Ya mdogo atayaeleza kwa dakika tano hivi.

Kasoro moja fomu haiwezi kuiona: sentensi zote sita zinaweza kulingana na bado mhubiri akawa amelipotosha andiko. Hilo tumelihamishia Alhamisi kabla ya ibada, wawili wakiwa na Biblia wazi na rasimu yake.

Bado nina mzee mmoja asiyependa kuandika. Jumapili hii nitakaa kando yake, aniambie, niandike kama alivyosema.