Nilivyomwandikia Baba Mkubwa shairi la mbwa wake

Baba Mkubwa analima viazi Isongole, wilayani Rungwe, kando ya barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu. Mbwa wake alipokufa Julai, aliniambia kwenye simu, "Mwanangu, wewe huwa unaandika. Mwandikie Simba kitu." Halafu akakaa kimya. Mzee huyu si wa kuomba mambo ya mzaha.

Shida ya kwanza ilikuwa jina. Mstari kama "Simba ameanguka" utasomwa na kila mtu nchini kama matokeo ya mechi, na mashabiki wa Yanga wataucheka kabla hawajafika ubeti wa pili. Kulibadilisha jina nisingeweza, ndilo alilokuwa akiitwa. Nikaamua litajwe mara moja tu, mwishoni kabisa, wakati msomaji ameshamjua mnyama mwenyewe na hana nafasi ya kuwaza mpira.

Shairi la mizani 16 kwa mshororo, lenye vina vya kati na vya mwisho, niliona halifai hapa. Vina vingi hivyo hudai maneno ya kujazia, na kibwagizo kikirudi kila ubeti kuhusu mbwa, kwenye ubeti wa tatu watu wanaanza kuitikia kama kwenye ngoma. Nikachukua utenzi: mizani 8, mishororo mitatu yenye kina kimoja, na wa nne ukibeba bahari ya "-ia" hadi mwisho.

Kabla ya kuandika nilimpigia tena, nikamuuliza Simba alikuwa anafanya nini kwa siku. Sikuuliza alikuwa mbwa wa namna gani, maana ningejibiwa "mwaminifu", na neno hilo lingefaa mbwa yeyote. Akanieleza asubuhi za ukungu, usiku wa kulinda magunia wakingoja lori, na siku za msiba wa Mama Mkubwa.

Njia yetu ya shambani
ulipita ukunguni
ukingoja kilimani
mpaka tukafikia.

Viazi barabarani,
lori likiwa njiani,
ulilala baridini
gunia kutulindia.

Mama alipofariki
mlangoni hubanduki,
na chakula hukitaki,
nawe ukasubiria.

Ubeti huo wa tatu ndio uliokuwa na hatari kubwa. Ukimweka mbwa karibu na msiba wa mtu, unaweza kuonekana umewalinganisha. Kwa hiyo "kufariki" nilimwachia Mama Mkubwa peke yake. Simba sikumwita marehemu, sikumwombea pepo, sikumpa machozi wala maneno ya kusema. Nimeandika alikokuwa amelala na alichokikataa, basi. Anayesoma ataamua mwenyewe kama ile ilikuwa huzuni. Na "kijibwa", "kimbwa" na ndugu zao wote wa ki- niliwakwepa. Ni mtego wa upande wa pili: unadhani unaonyesha mapenzi, kumbe umeandika wimbo wa chekechea.

Ubeti wa kifo nikauacha mkavu:

Miguu ilipogoma,
ukashindwa kusimama,
ukalala ukihema.
Simba, tumekufukia.

Nilijaribu "tumekuzika", ambalo mizani yake ni pungufu na halikutoka kinywani mwa mzee. Yeye alisema, "Tumemfukia pale kwenye mparachichi." Jirani mkali akisoma hapo hatapata pa kushikia, ndivyo mbwa anavyofanyiwa kijijini, na uchungu umebaki palepale.

Nilipomsomea, Baba Mkubwa alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na mayai?"

Mayai nilikuwa nimeyaacha makusudi, nikiogopa kicheko. Lakini shairi lisilo na kosa hata moja la anayeombolezwa linaanza kunuka sifa za kupangwa, na mzee alikuwa ameligundua hilo haraka kuliko mimi. Nikatunga:

Mayai ya majirani
uliyatoa bandani,
tukalipa hadharani,
kesho ukayarudia.

Pa kuuweka pakanisumbua kidogo. Ukikaa mwanzoni, unamwambia msomaji hili ni shairi la kuchekesha, na atausoma msiba wa Mama Mkubwa kwa sikio hilohilo. Ukikaa mwishoni unafuta kifo. Nikauingiza kati ya magunia na msiba: msomaji anatabasamu, kisha anakuta "Mama alipofariki" na kasi inapungua yenyewe, bila mimi kumwambia ahuzunike.

Safari hii alicheka, kicheko cha mtu anayemjua mwizi wake, akataka nimsomee tena kuanzia mwanzo. Aliniambia nimtumie binti yake aliyeko Iringa, ambaye ndiye aliyemleta Simba akiwa mdogo. Kwenye kundi la ukoo alinikataza kulituma. "Kule," alisema, "kuna Yanga wengi."