Sawa, mweka hazina

Tangu Jumanne usiku maneno matatu hayajanitoka kichwani: "Sawa, mweka hazina."

Mama Zuhura hajawahi kuniita mweka hazina. Mnaomfahamu mnajua ananiita mtani, na nikimchokoza sana ananiita mpagazi. Babu zangu walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo, wakapita Uzaramo kwa babu zake, na utani wetu umetoka kwenye njia hiyo. Nikimtania leo, kesho ananirudishia mara mbili, tena kwa sauti iliyorekodiwa ya dakika nzima huku akicheka na mwiko ukigonga sufuria.

Jumanne saa tatu usiku niliandika kwenye kundi la kikoba: "Marejesho mwisho Ijumaa. Watani zangu Wazaramo, ngoma ya mwali hailipi mkopo, jamani!" Nikaweka vicheko viwili, nikaenda kumlaza Rehema.

Niliporudi, watatu walikuwa wamecheka. Ningewaangalia vizuri hao watatu pale pale, ningejua. Hakuna Mzaramo hata mmoja kati yao, wala hakuna mwenye mkopo. Siku nyingine nikiwatania Wazaramo, wao ndio wa kwanza kunivamia, wengine wanangoja wakichekea pembeni. Safari hii walicheka wa pembeni, na waliotaniwa wakakaa kimya. Kwa watu wengine kimya kinaweza kuwa usingizi au bando limekwisha. Kwa mtani sivyo. Utani ni deni, ukitupiwa unarudisha, hata msibani mtani akikunyang'anya kiatu unakikomboa kwa maneno. Mtani asiporudisha, ujue hajaupokea kama utani.

Kisha likaja hilo la Mama Zuhura. Bila kicheko, bila sauti, na nukta mwishoni. Alikuwa ananitaja kwa kazi yangu.

Nimeyarudia maneno hayo nikiosha vyombo, nikiwa kwenye daladala, na Jumatano hata baba Rehema aliponionyesha barua ya uhamisho wa kwenda Mbeya nilikuwa nayarudia. Nimejaribu kuyasoma kwa sauti ya uchovu, kwa sauti ya haraka, kwa sauti ya mtu anayesonga ugali. Kila nikiyasoma yananipeleka kwenye kitabu cha mikopo. Mwezi wa nne Mama Zuhura alikopa laki tatu kumtoa mwali mjukuu wake. Marejesho mawili yamempita. Hilo tunalijua watatu: yeye, mwenyekiti na mimi ninayeandika kitabu.

Nawaapia sikumfikiria yeye. Nilifikiria Wazaramo kwa ujumla, na ngoma kwa sababu ndiyo ninayowataniaga siku zote. Lakini yeye angejuaje? Mtani hashiki kitabu cha madeni ya mwenzake. Nilitania kwa mdomo wa Mnyamwezi, yeye akasikia mdomo wa mweka hazina, na mweka hazina hana utani na mtu yeyote.

Dakika kumi baada ya jibu lake, mmoja wa wale watatu akaandika: "Waambie, wanacheza unyago kwa hela za watu." Hapo mwili ulinisisimka. Mimi sikuandika "hela za watu", ila sentensi hiyo ilitoka kwenye yangu kama mtoto kwa mama. Mchekaji anapoongeza lililo kali zaidi, tena lisilo na mchezo ndani yake, anakuonyesha kile ambacho watu wamesikia katika maneno yako. Muda si mrefu mwanachama mwingine akanifuata pembeni: "Dada, hiyo umemlenga nani?" Mtu aliyeelewa utani haulizi umemlenga nani.

Nilibonyeza ujumbe nikaangalia waliousoma. Tuko ishirini na wanne, walikuwa wamesoma kumi na tisa. Walioandika chochote ni watano. Dakika kumi na tano za kuuhariri zilikuwa zimeshapita. Kuufuta kwa wote ningeweza, lakini pangebaki pale "Ujumbe huu umefutwa", na wale ambao hawajausoma wangeamka asubuhi wakiuliza ulisema nini, na wenye kuusimulia wangekuwa wale waliocheka.

Nikaandika, "Jamani ni utani tu." Sikuutuma. Niliutazama muda mrefu kwenye kile kisanduku cha kuandikia. Nilikuwa namwambia mwanamke niliyemuumiza kwamba hajui utani, yeye aliyenifundisha nusu ya matusi ya utani ninayoyajua. Nikafuta. Nikaandika jina lake, nikaona na hilo halifai kabisa, maana kumwomba radhi kwa jina mbele ya wote ni kuwatangazia deni lake. Mwishowe nikatuma hivi: "Nimechanganya utani na marejesho, sikupaswa. Naomba radhi kwa wote. Habari za mkopo wa mtu zinabaki kati yake na kitabu." Na yule wa "hela za watu" nikampigia simu, nikamwomba aiondoe sentensi yake. Aliiondoa, kwa kununa.

Jibu kutoka kwa Mama Zuhura halikuja. Jumatano kimya, Alhamisi kimya.

Ijumaa baada ya sala nilikwenda kwake Chanika. Nilimkuta uani amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Hakuinuka. Nilikaribishwa na mjukuu, yule mwali mwenyewe, akaniletea kigoda. Nilisema niliyokwenda kusema, kwamba sikumfikiria yeye, na kwamba hata hivyo kosa ni langu kwa sababu kitabu kiko mkononi mwangu. Alikuna mpaka kifuu kikabaki kitupu, akakigonga ukingoni mwa mbuzi nazi iliyobaki idondoke, akachukua kipande cha pili.

"Nilimwuliza mwenyekiti kama umemwonyesha mtu kitabu," akasema.

"Sijamwonyesha mtu."

"Ndivyo alivyoniambia." Akakuna kidogo. "Lakini usiku ule sikulala, mama Rehema."

Mama Rehema. Bado si mtani, ila mweka hazina alikuwa amekwisha kuondoka pale uani, na mimi nilihisi kifua kikifunguka. Tukaongea habari za Mbeya. Tukaongea kuhusu marejesho pia, akaomba yagawanywe kwa miezi miwili zaidi, nikamwambia alete ombi kikaoni kama wengine wanavyoleta, nami sitalisemea wala kulipinga.

Nilipoinuka kuondoka sikuona ndala zangu mlangoni. Nikatafuta chini ya kigoda, nikatafuta karibu na mtungi. Mjukuu alikuwa amejifunika khanga mdomoni. Mama Zuhura hakuinua kichwa kutoka kwenye nazi.

"Mpagazi," akasema, "babu zako walikwenda Bagamoyo peku. Wewe unashindwa kufika kituoni?"

Nililia pale pale, na sioni aibu kuliandika. Nimezikomboa ndala kwa shilingi elfu mbili na wimbo mmoja wa Kinyamwezi ulionitoka vibaya.

Jana kikaoni, sanduku lilipofunguliwa, alikaa karibu nami. Yule aliyeuliza nimemlenga nani alikaa mbali, akanunua hisa zake bila kunitazama usoni. Kwake sijafika. Sijui hata kama yeye ndiye mwenye ndugu yake aliyeshindwa mkopo mwaka jana, na sitaki kufungua kitabu ili nijue.

Tangazo la marejesho sasa analiandika mwenyekiti, nimemwomba hivyo.

Leo jioni nimemwita Rehema mara mbili akiwa amenipa mgongo, anachora chini kwa kijiti. Hakugeuka. Nilipopita upande wa kulia nikamwita kwa sauti ileile, akaitika. Sikio la kushoto lilimtoa usaha mwezi uliopita, likakauka, tukadhani limepona. Kesho naamka saa kumi na moja nikawahi namba hospitali.