Kinyunyizio cha mikono iliyopinda: hatimaye nimempata mwizi wa mizunguko

Wiki tatu nimekuwa nagombana na kinyunyizio hiki, na leo kimekubali. Kina mikono miwili ya paipu ya shaba, kila mmoja sentimita 20 kutoka katikati, na mwishoni elbo yenye nozo ya milimita 3 inayorusha maji kwa pembeni kabisa. Nilikitumbukiza ndani ya ndoo ya lita 10, ikajaa kwa sekunde 50. Yaani kilo 0.2 za maji kila sekunde, na ukigawa kwa matundu mawili, maji yanatoka kwa mita 14.1 kwa sekunde.

Hesabu yangu ni hii:

```
T = m·R·(w − ω·R)
```

T ni torki, yaani nguvu ya kuzungusha, m ni kilo za maji kwa sekunde, R ni urefu wa mkono kwa mita, w ni kasi ya maji yakitoka kwenye nozo, ω ni kasi ya mzunguko. Mkono ukizuiwa usizunguke, torki ni 0.2 × 0.2 × 14.1, karibu nyutoni mita 0.56. Ukiachiwa, kila unavyoongeza kasi nozo inayakimbia maji yake yenyewe na torki inapungua, mpaka ibaki ile tu ya kushinda msuguano. Hapo kasi inatulia. Bila msuguano ingetulia nozo ikikimbia sawasawa na maji, mizunguko kama 675 kwa dakika.

Mimi nilipata 190.

Nilichoshindwa kuelewa ni kwamba maji yakifungwa, kichwa kilizunguka kwa kuguswa na kidole kimoja. Nikalaumu nozo, nikazitoboa upya. Nikalaumu pampu. Nikaongeza grisi. Bado 190. Mizunguko naihesabu kwa video ya mwendo wa polepole ya simu, na mkono mmoja umefungwa utepe mwekundu. Vipima mizunguko vinavyotumia mwanga nimevikataa, kwa sababu matone yanavidanganya.

Ndipo nikapindua elbo zote mbili zitazame juu. Nozo zikirusha wima hakuna torki, lakini presha ndani iko vilevile. Nikafunga mizani ya ndoano, ile ya kupimia mizigo, kwenye ncha ya mkono, nikavuta taratibu. Gramu 207! Kwa mkono wa sentimita 20 hiyo ni nyutoni mita 0.41. Rudi kwenye hesabu: kwa mizunguko 190, torki ya maji inayobaki ni 0.41 hiyohiyo. Nilikaa chini pale pale kwenye majani yaliyolowa, nikaisoma mizani mara tatu.

Mwizi ni oringi, ile pete ya mpira inayozuia maji yasivuje kwenye shafti. Maji yakifunguliwa, presha inaisukuma ibane shafti, na pia inakiinua kichwa kikandamize kizuizi cha juu. Maji yakifungwa haonekani, ndiyo maana kidole kilinidanganya. Nimeitoa oringi, nikaweka bushi yenye nafasi ndogo inayovuja kidogo, na washa ya tefloni juu. Mizani ikashuka hadi gramu 60, kama nyutoni mita 0.12. Hesabu ikasema mizunguko 530, nikapata 470. Tofauti hiyo naipa hewa inayokatwa na mikono, kwa kasi ile si haba.

Furaha yangu ilidumu mpaka nilipotazama ardhi. Palilowa duara dogo, chini ya mita mbili kutoka katikati! Ncha ya mkono inakwenda karibu mita 10 kwa sekunde upande mmoja, maji yanatoka 14 upande wa pili, kwa hiyo kwa aliyesimama pembeni maji yana kasi ya mita 4 tu. Msuguano niliokuwa nautukana ndio uliokuwa unayafikisha maji mbali.

Mpango wa mikono minne nimeuacha hapohapo (kwa maji yaleyale, nozo nne zingepunguza kasi kwa nusu na torki kwa nusu). Badala yake nimetengeneza mikono mipya isiyo na elbo, ncha imepinda nyuzi 15 tu kutoka kwenye mstari wa mkono. Shaba ijaze mchanga mkavu na uzibe ncha zote mbili kabla ya kuikunja, la sivyo itabonyea. Sasa kasi ya pembeni ni mita 3.65 kwa sekunde, na mita 13.6 zote zinakwenda nje. Hesabu: mizunguko 33. Video: 38. Kichwa kiko sentimita 80 juu ya ardhi, na maji yanafika karibu mita 5.

Kasoro iliyobaki ni kuanza. Torki ya kuanzia ni sawa na gramu 74 kwenye mizani ile, msuguano unakula 60, na kikilala usiku kucha asubuhi kinagoma mpaka nikisukume. Kesho nakunja jozi nyingine kwa nyuzi 18. Kwa hesabu itazunguka karibu mara 67 kwa dakika, na gramu za kuanzia zitafika 89.